Umenunua Jumatatu, Umemiliki Alhamisi

Mwishoni mwa Agosti 2024 shangazi yangu wa Likoni alinipigia simu akiwa amejaa uchungu. Sikumaliza hata kumwamkia.

"Mwanangu, hawa watu wamenila pesa yangu."

Mwezi mmoja nyuma alikuwa amenunua hisa 2,000 za Safaricom. Kampuni ilikuwa imetangaza gawio la mwisho wa mwaka la senti 65 kwa kila hisa, na daftari la wenye hisa lilikuwa lifungwe Jumatano, tarehe 31 Julai. Shangazi alinunua Jumatatu tarehe 29, siku mbili kamili kabla ya daftari kufungwa. Jirani yake alinunua idadi ile ile Alhamisi ya wiki iliyotangulia, tarehe 25. Gawio lilipotoka, jirani alipata shilingi 1,300, akakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, zikamwingia 1,235. Shangazi hakupata hata ndururu. Na karatasi ya wakala wake ilisema waziwazi: umenunua, tarehe 29 Julai 2024.

Hakuna aliyemla shangazi pesa yake. Alichokosa ni maelezo ambayo hakuna aliyempa, wala mtangazaji wa redio aliyemhimiza anunue, wala wakala aliyepokea simu yake. Soko la hisa halifanani na soko la Kongowea, ambako ukishalipa kitunguu unaondoka nacho. Hisa uliyoinunua leo haijawa yako. Inakuwa yako siku ya tatu ya kazi baada ya leo, na siku hizo tatu zina mambo yake. Shangazi alinunua Jumatatu, kwa hiyo alimiliki Alhamisi tarehe 1 Agosti. Daftari lilikuwa limefungwa jana yake.

Nilimweleza hayo kwa simu na hakuridhika. Akaniuliza swali ambalo naona ndilo lenyewe hasa: "Sasa hizo siku tatu, hisa zilikuwa kwa nani?"

Ili kumjibu vizuri lazima kwanza tujue hisa inakaa wapi. Hisa haishikiki. Ni haki juu ya sehemu ndogo ya kampuni, na haki hiyo huonekana mahali pamoja tu: kwenye daftari lililoandikwa jina lako. Zamani daftari hilo lilikuwa la kampuni yenyewe, likitunzwa na msajili wake, nawe ulipewa cheti cha karatasi chenye jina lako, idadi ya hisa na muhuri. Soko la Hisa la Nairobi lilianza mwaka 1954 kama chama cha mawakala, na kwa miaka mingi biashara yake ilikuwa ya karatasi mwanzo hadi mwisho. Ukitaka kuuza, ulikwenda kwa wakala na cheti mkononi, ukatia sahihi fomu ya uhamisho. Wakala wako akampelekea wakala wa mnunuzi. Karatasi zikaenda kwa msajili, akalinganisha sahihi yako na ile aliyokuwa nayo kwenye faili, akafuta jina lako, akaandika la mnunuzi, akachapa cheti kipya. Sahihi ikipinda kidogo, karatasi zinarudi. Cheti kikiliwa na mchwa, unaanza safari ya viapo na matangazo gazetini. Na mwenye cheti cha kughushi angeweza kuuza mali isiyokuwapo, udanganyifu ukagunduliwa baada ya fedha kuondoka.

Karatasi ziliwashinda hata wakubwa. Mwaka 1968 soko la New York lilizidiwa na vyeti kiasi kwamba kwa miezi kadhaa lilifungwa kila Jumatano ili makarani wapate nafasi ya kupunguza marundo. Walichofanya baadaye, mwaka 1973, ni kuanzisha hifadhi moja kuu: vyeti vikawekwa ndani, vikatulia humo, na kilichohama kutoka kwa mtu hadi mtu kikawa ni maandishi ya daftari peke yake. Wazo hilo ndilo lililosambaa duniani.

Kenya ilitunga Sheria ya Hifadhi Kuu mwaka 2000, na shirika linaloendesha hifadhi hiyo, CDSC, likaanza kazi Novemba 2004. Tangu hapo mwenye hisa anafungua kwanza akaunti ya CDS. Tanzania nayo ina hifadhi ya aina hiyo, chini ya kampuni tanzu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam. Watu wengi hudhani akaunti ya CDS iko kwa wakala kwa sababu fomu waliijazia kwake. Sivyo. Wakala ni mlango tu. Akaunti iko hifadhini, ina namba yake na jina lako, na ndani yake kila kampuni uliyonunua ina mstari wake: Safaricom hisa kadhaa, benki fulani hisa kadhaa. Kila mstari una hali. Hisa zinaweza kuwa huru, yaani unaweza kuziuza kesho. Zinaweza kuwa rehani, pale ulipozitumia kuchukulia mkopo, na hapo huwezi kuzigusa bila idhini ya benki. Au zinaweza kuwa zimezuiwa, kwa mfano kwa amri ya mahakama.

Daftari hili lina kanuni moja ninayoipenda kwa usafi wake. Safaricom ina hisa 40,065,428,000. Ukijumlisha za serikali, za mwekezaji mkubwa kutoka nje, za mifuko ya pensheni, za shangazi na za jirani yake, jumla lazima iwe namba hiyo hiyo, bila kupungua moja wala kuzidi moja. Hisa haiwezi kuingia akaunti moja bila kutoka nyingine. Ndiyo maana hifadhi na msajili wa kampuni hulinganisha hesabu zao mara kwa mara: hifadhi inajua nani ana ngapi, msajili anajua kampuni imetoa ngapi, na namba mbili hizo zikiachana hata kwa hisa kumi, kuna kosa mahali na lazima litafutwe.

Hapa kwetu, tofauti na Marekani, hifadhi inamjua mwenye mali kwa jina. Kule hisa karibu zote zimeandikwa kwa jina moja la kampuni ya hifadhi, Cede & Co., na jina la mwananchi wa kawaida limo kwenye vitabu vya wakala wake tu. Wakala akianguka, mteja anatafutwa ndani ya vitabu vya wakala huyo. Shangazi yangu wa Likoni, kwa hili, yuko mahali salama kuliko mwekezaji mdogo wa Chicago. Jina lake liko kwenye daftari la juu kabisa.

Sasa turudi kwenye siku tatu zake, tuzifuate moja moja.

Jumatatu saa nne asubuhi anampigia wakala: nunua hisa 2,000. Wakala anaingiza oda kwenye mtambo wa soko. Upande wa pili wa nchi, tuseme Nakuru, kuna fundi anayetaka kuuza hisa 2,000. Wakala wake naye anaingiza oda, lakini kabla oda ya kuuza haijakubaliwa, mtambo unatazama akaunti ya CDS ya fundi: hizo 2,000 zipo kweli? Ziko huru? Zikiwa ni rehani au ni 1,500 tu, oda inakataliwa papo hapo. Zikiwapo, zinatengwa, ili fundi asije akaziuza tena kwa wakala mwingine mchana. Hatua hii ndogo ndiyo iliyoua ule mchezo wa vyeti vya kughushi. Mwenye kuuza anapimwa kabla ya kuuza.

Bei zikikutana, dili imefungwa. Wenye soko huiita siku hiyo T. Karatasi ya wakala anayopata shangazi inahusu siku hii, na ndiyo iliyomchanganya. Inasema amenunua, na ni kweli. Mkataba upo, na bei haiwezi kubadilika tena hata hisa zikipanda au zikianguka dakika inayofuata. Lakini mkataba ni ahadi ya pande mbili. Fundi ameahidi hisa, shangazi ameahidi fedha, na ahadi haijatimizwa.

Jioni ya T na siku ya T+1, yaani Jumanne, kazi ni ya hesabu na uhakiki. CDSC inachukua dili zote za siku na kuwaambia mawakala: wewe umenunua hivi, umeuza hivi, unadaiwa hiki. Mawakala wanalinganisha na oda za wateja wao. Ikiwa karani aliandika 20,000 badala ya 2,000, au alitumia akaunti isiyo sahihi, huu ndio wakati wa kugundua. Wawekezaji wakubwa, mifuko ya pensheni na kampuni za nje, mali yao hutunzwa na benki za amana, na benki hizo lazima zithibitishe kila dili: ndiyo, mteja wetu ameagiza hii, fedha zitatoka kwetu. Benki ikikataa, mzigo unamrudia wakala aliyeingiza oda.

Jumatano, T+2, ni ya kuandaa fedha. Alhamisi, T+3, makabidhiano yanafanyika, na hapa ndipo ufundi wote ulipo.

Kanuni ni ile ya nipe nikupe. Hisa hazitoki kwa fundi mpaka fedha ziwe tayari kumwendea, na fedha za shangazi haziondoki mpaka hisa ziwe tayari kumjia. Watu wawili wasiojuana, mmoja Likoni na mwingine Nakuru, hawawezi kusimama uso kwa uso na kubadilishana mkono kwa mkono, kwa hiyo hifadhi inasimama katikati na kufanya mambo mawili yawe tukio moja. Yakitimia, yametimia. Hakuna nusu.

Fedha na hisa, hata hivyo, hazihamishwi kwa namna moja. Tuseme siku ile wakala wa shangazi alinunua hisa za shilingi milioni 9 kwa ajili ya wateja wake wote, na akauza za milioni 7 kwa ajili ya wateja wengine. Hakuna haja ya kutoa milioni 9 kwa mkono mmoja na kupokea milioni 7 kwa mwingine. Madeni yanakatana, naye anatoa milioni 2 tu. Siku ambayo soko zima limefanya biashara ya mamia ya mamilioni, fedha zinazosafiri kweli kati ya benki ni sehemu tu ya kiasi hicho. Hisa hazikatwi hivyo kwa wakala, kwa sababu kila akaunti ni ya mtu. Zile 2,000 zinatoka kwenye mstari wa fundi na kuingia kwenye mstari wa shangazi, na kila mteja mwingine vivyo hivyo, mmoja mmoja.

Sasa naweza kujibu swali la shangazi. Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi hisa zilikuwa bado kwa fundi wa Nakuru, zimeandikwa kwa jina lake, ingawa zimetengwa na hana uwezo wa kuzifanyia lolote. Daftari lilipofungwa Jumatano jioni lilimkuta yeye. Gawio lilikwenda kwake, na lilikuwa haki yake.

"Kwa hiyo ameniuzia, na faida akala yeye?"

Ndiyo, shangazi, lakini kuna jambo ambalo soko lilikwisha kulijua. Wafanyabiashara wa hisa huhesabu siku nyuma kutoka siku ya kufunga daftari, na wanajua kuanzia siku gani hisa inauzwa bila gawio. Kuanzia siku hiyo bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayelipia senti 65 asizozipata. Hushuka pia au kupanda kwa sababu nyingine, kwa hiyo huwezi kuliona jambo hili waziwazi kila mara. Lakini kwa hesabu, anayenunua Jumatatu hakupoteza 1,300 yote, kwa kuwa bei yake haikuwa na gawio hilo ndani. Kilichopotea ni matumaini. Na matumaini ya mama wa miaka 60 aliyeuza mbuzi wawili ili anunue hisa si kitu cha kupuuzwa. Kampuni zinapochapa tangazo la gawio, tarehe ya kufunga daftari huandikwa kwa herufi nzito. Ningependa karibu yake waandike pia siku ya mwisho ya kununua. Ni mstari mmoja tu.

Kuhesabu ni rahisi ukishajua. Siku za kazi tu ndizo zinazohesabiwa. Jirani alinunua Alhamisi tarehe 25, Ijumaa ikawa ya kwanza, Jumamosi na Jumapili zikarukwa, Jumatatu ya pili, Jumanne tarehe 30 akakabidhiwa. Daftari lilipofungwa siku iliyofuata, jina lake lilikuwamo. Aliyenunua Ijumaa tarehe 26 alikabidhiwa Jumatano yenyewe, ukingoni kabisa. Sikukuu ikiangukia katikati, kama Madaraka au Idi, ongeza siku.

Swali linalofuata ni la haki kabisa: mtambo unaoweza kutafuta akaunti ya fundi kwa sekunde moja, kwa nini ushindwe kumaliza kazi siku hiyo hiyo? Jibu ni kwamba kompyuta si kikwazo. Kikwazo ni fedha na watu. Mwekezaji mdogo wa Kenya kwa kawaida anaweka fedha kwa wakala kabla ya kununua, kwa hiyo dili yake ingeweza kumalizika jioni. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya soko la Nairobi hufanywa na wawekezaji wa nje, walio London au New York. Wao lazima wabadilishe dola au pauni ziwe shilingi, benki yao ya kule iwasiliane na benki ya amana ya Nairobi, wakati wa usingizi wa mmoja ukiwa wakati wa kazi wa mwingine. Ukifupisha siku bila wao kujipanga, dili nyingi zitakwama. Na kule kukatana madeni nilikokueleza kunahitaji dili zikusanywe kwanza. Kila dili ikilipwa peke yake papo hapo, mawakala wangehitaji fedha nyingi zaidi mkononi kila saa.

Hata hivyo siku zimekuwa zikipungua. Julai 2011 Nairobi ilitoka siku nne ikaja tatu. Marekani ilikuwa siku tano hadi 1995, ikaenda tatu, ikaenda mbili mwaka 2017, na tangu tarehe 28 Mei 2024 ni siku moja. India ilikamilisha kuhamia siku moja Januari 2023.

Sababu ya kukimbilia huko ilionekana vizuri asubuhi ya tarehe 28 Januari 2021. Wawekezaji wadogo wa Marekani walikuwa wakinunua kwa fujo hisa za kampuni ya maduka ya michezo ya video, GameStop, wengi wao kupitia wakala wa mtandaoni, Robinhood. Bei ilipanda kama moshi. Wakati huo makabidhiano yalikuwa siku ya pili, maana yake wakati wowote kulikuwa na dili za siku mbili zilizoahidiwa na hazijatimizwa. Shirika linalosimamia makabidhiano kule likajiuliza: bei ikianguka leo na wateja hawa wakashindwa kulipa, nani atabeba? Alfajiri likamtaka Robinhood aweke dhamana ya takriban dola bilioni 3. Kiasi hicho kilipunguzwa baadaye, lakini wakala alilazimika kusimamisha ununuzi wa hisa hizo kwa wateja wake, na watu wakaamini wamefanyiwa njama. Dhamana hiyo ilitokana na ukubwa wa ahadi zilizokuwa hewani. Siku zikipungua, ahadi zinapungua, na dhamana inapungua.

Hapa kwetu dhamana ni mfuko ambao mawakala huchangia kwa CDSC, ili mmoja akishindwa kulipa siku ya T+3 wengine wasibaki na hasara. Lakini kwa mwananchi wa kawaida hatari kubwa haiko hapo. Iko kwa wakala wake mwenyewe.

Kati ya 2007 na 2008 mawakala kadhaa wa Nairobi walianguka. Ilikuwa miaka ambayo hisa zilipendwa kuliko wakati wowote. Watu zaidi ya laki nane waliomba hisa za Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 mwaka 2008, na wengi wao walikuwa wakifungua akaunti ya CDS kwa mara ya kwanza maishani. Mawakala walipoanguka, wateja waligundua mambo mawili ambayo walipaswa kuambiwa mapema. La kwanza lilikuwa la kutuliza: hisa zilizoko hifadhini hazikuwa mali ya wakala, kwa hiyo hazikuanguka naye. Mteja alijaza fomu, akaunti ikahamishiwa kwa wakala mwingine, hisa zikiwa pale pale. La pili lilikuwa chungu. Fedha taslimu, za hisa zilizokwisha kuuzwa na hazijalipwa, au zilizowekwa kusubiri kununua, zilikuwa kwenye vitabu vya wakala. Hizo ndizo zilizozama. Upo mfuko wa fidia kwa wawekezaji, lakini una kikomo kwa kila mtu, na mwenye fedha nyingi hakurudishiwa zote.

Na palikuwa na wizi wa aina ya tatu, ulio mbaya kuliko yote: hisa za wateja kuuzwa bila idhini yao. Hifadhi inalinda daftari dhidi ya kughushi, lakini wakala ndiye mwenye ufunguo wa mlango wako. Akiingiza oda ya kuuza kwa jina lako, mtambo unaona hisa zipo, ziko huru, oda imetoka kwa wakala halali. Unapitisha. Hauwezi kujua kwamba wewe uko shambani Taveta na hujamwambia mtu chochote.

Unajuaje basi? Kwa taarifa ya akaunti, na ichukue kutoka CDSC yenyewe. Karatasi anayokuchapia wakala kutoka kwenye mtambo wake inakuonyesha anavyosema yeye. Taarifa ya hifadhi inakuonyesha daftari. Zilinganishe. Idadi ya hisa ikitofautiana, na hakuna dili iliyo katikati ya siku zake tatu, uliza siku hiyo hiyo kwa maandishi. Hakikisha pia kwamba namba ya simu iliyoko kwenye akaunti yako ni ya kwako. Nimeona mara nyingi fomu zilizojazwa wakati wa pilikapilika za hisa mpya, karani akaandika namba ya ofisi yake ili kuharakisha, na mteja hajui hadi leo kwamba ujumbe wote unakwenda kwingine.

Jambo hilo hilo huwapokonya watu gawio kimyakimya. Msajili hulipa kulingana na maelezo aliyoletewa na hifadhi. Benki uliyoiandika mwaka 2008 ikiwa imefungwa, au ulihamia nyingine bila kusema, gawio linakwenda na kurudi, mwaka hadi mwaka, na mwishowe sheria inataka likabidhiwe kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Litakuwa bado lako, lakini utalifuata kwa barua. Warithi ndio wanaopata taabu zaidi. Hisa za marehemu hazihami kwa sababu familia imekubaliana sebuleni. Daftari linamjua aliyeandikwa, na halibadiliki mpaka hati ya mahakama ya kusimamia mirathi ifike. Nyumba ambayo wazee hawakusema wana akaunti ya CDS, hakuna hata anayejua pa kuanzia.

Tangu Novemba 2021 soko la Nairobi linaruhusu kununua na kuuza hisa zile zile siku moja. Wapo waliodhani hii imefuta siku tatu. Haijazifuta. Kinachotokea ni kwamba ununuzi na uuzaji wa siku hiyo hukatana, na tofauti ya fedha ndiyo hulipwa siku ya T+3 kama kawaida. Mfanyabiashara huyo hakuwahi kuandikwa kwenye daftari hata kwa dakika moja, na hawezi kudai gawio wala kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka.

Shangazi alibaki na hisa zake 2,000. Aliniambia nimwandikie kwenye karatasi jinsi ya kuhesabu, akaibandika ukutani karibu na kalenda ya msikiti. Tangu hapo kila gawio linapotangazwa anatafuta siku ya kufunga daftari, anarudi nyuma siku tatu za kazi, akiongeza sikukuu kama ipo, kisha anarudi nyuma siku moja zaidi ili asifike ukingoni. Na mwanzoni mwa mwaka anaomba taarifa yake hifadhini, anaketi barazani na miwani, anasoma idadi ya hisa kwa sauti. Nawe msomaji, ukiwa na akaunti ya CDS uliyoifungua zamani na hujaiangalia tangu hapo, omba taarifa yako wiki hii, kisha soma mistari mitatu: jina, idadi ya hisa, na namba ya simu.